Kanda ya kwaya: sauti zinapanda kadiri inavyocheza, maneno ya nyimbo tatu za mwisho hayashikiki

NyemoMvumi (mwanzisha uzi)

Habarini wanajukwaa, na wakubwa wote shikamooni.

Niko Mvumi, nje ya Dodoma mjini. Marehemu mama alikuwa akiimba sauti ya pili katika kwaya ya mtaa wetu, na baada ya msiba tulikuta sanduku lake lina kanda 14 za kaseti. Tangu Januari nimekuwa nikizihamishia kwenye kompyuta na kuandika maneno ya nyimbo kwenye daftari. Kanda 13 zimekubali. Hii moja imenishinda.

Ni kanda ya dakika 90. Juu imeandikwa kwa kalamu ya wino "Kwaya, Jumapili ya mavuno", mwaka haupo. Upande A unaanza vizuri kabisa. Kuanzia kama dakika ya 26 sauti zinaanza kupanda na mwendo unakuwa wa haraka. Ikifika mwisho, besi wanasikika kama kina mama, na mchungaji anayetoa matangazo anasikika kama mtoto wa darasa la tatu. Nyimbo tatu za mwisho sipati maneno hata nikirudia mara 20, na hazimo kwenye daftari la kwaya. Waliobaki wa kwaya ile ninaowajua ni wanne, mmoja wao ni bibi ambaye sasa anasikia kwa sikio moja tu.

Natumia deki ya kaseti, waya umetoka LINE OUT kwenda kwenye kadi ya sauti ya nje inayochomekwa USB, halafu Audacity. Nimeweka 48000 Hz, 24-bit, nahifadhi WAV. Naombeni msaada, kanda yenyewe imeanza kulia kwi kwi ikizunguka na sijui itavumilia mizunguko mingapi.

---

BabaTumaini

Pole sana kwa msiba, dada. Hiyo tepu imevutika. Joto letu la Dodoma, kanda imekaa sandukuni chini ya bati miaka yote, lazima ivutike. Nilishasoma kwamba kanda za zamani zinaokwa kwenye oveni kwa moto mdogo kama nyuzi 50, masaa kadhaa, zinarudi. Halafu wakati unarekodi washa kabisa kile kipengele cha kuondoa makelele, uhifadhi MP3 ili faili zisijaze kompyuta. Mimi nilifanya hivyo kwa kanda za mahubiri na zinasikika safi.

---

Chausiku_K

Nyimbo za mavuno za zamani nazitafuta sana. Bei gani kwa kanda moja, na mnatuma Kondoa?

---

NyemoMvumi

Dada Chausiku, siuzi. Nazihifadhi tu. Zikishakamilika viongozi wa kwaya ndio watakaoamua zisambazwe vipi.

---

FundiMajengo

Mwanangu Nyemo, pole kwa kumpoteza mama. Nimetengeneza redio kaseti na deki tangu ujana wangu, ngoja nikusaidie hatua kwa hatua.

Kwanza usioke kanda hiyo. BabaTumaini hajatunga, kuoka kupo, lakini kunafanywa kwa aina fulani za tepu za rili kubwa ambazo gundi yake imenyonya unyevu ikawa inanata. Kaseti za kawaida ni nadra sana kuwa na ugonjwa huo, na ganda lake la plastiki likipinda kwa joto utapata tatizo la pili juu ya la kwanza.

Pili, kuvutika. Fikiri pamoja nami. Mkanda ukivutika baada ya kurekodiwa, wimbo uliokaa kwenye sentimita 10 sasa umekaa kwenye 11. Deki inavuta mkanda kwa mwendo uleule, kwa hiyo wimbo utachukua muda mrefu zaidi na sauti itashuka. Yako inapanda. Kwa hiyo siyo kuvutika.

Nifanyie majaribio mawili. Cheza kanda nyingine nzima kwenye deki hiyohiyo, usikilize dakika za mwisho kama nazo zinapanda. Halafu igeuze hii uweke upande B, usikilize mwanzo wake. Mwisho wa upande A na mwanzo wa upande B ni kipande kilekile cha mkanda. Kama ubovu uko kwenye mkanda, utausikia pande zote mbili.

Na hizo kwi kwi: kabla hujaicheza tena, ipeleke mbele mpaka mwisho kisha irudishe, mara moja tu, ili mizunguko ikae sawa. Safisha hedi kwa pamba na spiriti ile mafundi simu wanasafishia bodi. Roli ya mpira ifute kwa kitambaa chenye maji kidogo. Na vunja vile vimeno viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti kama bado vipo, mtu asije akabonyeza REC kwa bahati mbaya.

---

Lulu_SautiYaPili

Naomba niingize yangu. Kanda yangu ya kwaya ya shule haipandi, ila sauti imefifia kama watu wanaimba ndani ya pipa, na upande mmoja unakuja na kupotea. Nimeambiwa imekwisha, nitupe. Ni kweli?

---

FundiMajengo

Lulu, usitupe. Igeuze uangalie ule upande ulio wazi, katikati, pale hedi inapoingia. Panatakiwa kuwe na kasponji kadogo au kipande cha sufi juu ya chuma chembamba kinachorudi kama springi. Kazi yake ni kuusukuma mkanda ukae kwenye hedi. Gundi yake hukauka kikadondoka ndani ya ganda. Kama hakipo, ndiyo maana sauti inakuja na kupotea. Toa kutoka kaseti mbovu ubandike, au kama ganda lako lina skrubu 5, fungua taratibu juu ya kitambaa cheupe, uhamishie rili zote mbili kwenye ganda zima. Angalia mkanda ulivyopita kwenye vijiroli kabla hujagusa kitu, piga picha.

Kikiwepo na bado sauti imefifia, basi hedi ya deki yako imeinama tofauti na ya redio iliyorekodi. Pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo yenye springi. Vaa hedifoni, izungushe kidogo sana huku wimbo unacheza, sikiliza herufi s. Pale s inaposikika kali na wazi kabisa ndipo penyewe. Kila kanda ina pahala pake, kwa hiyo weka alama mahali ilipokuwa kabla hujaanza.

---

NyemoMvumi

Mzee wangu, nimefanya yote. Kanda nyingine inacheza mpaka mwisho bila kupanda. Upande B wa hii unaanza na sauti za kawaida kabisa, ni siku nyingine, kuna watoto wanaimba. Kwi kwi zimepungua sana baada ya kuipeleka mbele na kuirudisha.

---

FundiMajengo

Basi deki haina kosa na mkanda hauna kosa. Kosa lilifanyika siku ile ya kurekodi. Betri.

Redio kaseti ya betri ina kidhibiti kinachoshikilia mwendo wa mota. Betri zikipungua kidogo mwendo haubadiliki, ndiyo maana dakika 26 za kwanza ziko sawa. Zikishuka chini ya kiwango fulani kidhibiti kinashindwa, mota inazidi kuchoka na mkanda unapita polepole. Ukiucheza leo kwa mwendo kamili, kilichorekodiwa polepole kinatoka haraka na juu.

Sasa kuna jambo la kuangalia. Aliyekuwa akirekodi aliacha redio ikienda ibada nzima, au alikuwa akizima wakati wa mahubiri na kuwasha kwaya ikisimama?

---

NyemoMvumi

Alikuwa akizima. Nasikia "taka" kabla ya kila wimbo. Na sasa umenifungua macho: baada ya kila "taka" sauti inakuwa imeshuka kidogo, halafu inapanda tena ndani ya wimbo.

---

FundiMajengo

Hiyo ndiyo alama yenyewe. Betri zikipumzika hurudisha nguvu kidogo, ukiziwasha zinaishiwa tena. Kwa hiyo hutapata mstari mmoja mnyoofu wa kurekebisha. Kila wimbo utakuwa na mteremko wake.

---

MwalimuWaKwaya_Kongwa

Nimefundisha kwaya muda mrefu. Suluhisho mbona rahisi: chukua kinanda, tafuta ufunguo wa wimbo, punguza mwendo mpaka ulingane na kinanda. Kwenye daftari za zamani tuliandika juu "Do = F" au "Do = G".

---

FundiMajengo

Mwalimu, heshima yako. Lakini walikuwa wanaimba na kinanda au bila?

---

NyemoMvumi

Bila. Ngoma na kayamba tu.

---

MwalimuWaKwaya_Kongwa

Basi nakubali, nilikimbia. Kwaya isiyo na kinanda, mwalimu anatoa sauti kwa kukisia. Daftari linasema F na watu wanaanza karibu na E, na wakifika beti la nne wameshuka zaidi. Na kama ni wimbo wenye lahani ya Kigogo, baadhi ya sauti zake hazikai kwenye vibao vya kinanda hata kidogo, zinaangukia katikati. Ukiulazimisha ulingane na kinanda utakuwa umewabadilisha wazee walivyoimba. Ufunguo wa daftari utumie kukuonyesha kama umepotea mbali, usiutumie kupimia.

---

FundiMajengo

Ndiyo. Tunahitaji kitu ndani ya kanda ambacho hakichoki na hakikisii. Ingekuwa imerekodiwa kwa umeme, mara nyingi tungepata mvumo wa Hz 50 ndani yake tukapimia huo, ingawa na deki yako ina mvumo wake wa 50, lazima uitofautishe. Kwa betri haupo. Nyemo, sikiliza tena pembeni ya kuimba: kuna honi ya treni, filimbi, kengele, chochote?

---

NyemoMvumi

KENGELE IPO! Inapigwa mwanzo kabisa wa kanda na inapigwa tena mwishoni watu wakitoka. Kengele yetu ni kipande cha reli kinachoning'inia kwenye mti nje ya kanisa. Bado kipo, na kinapigwa kila Jumapili.

---

BabaTumaini

Lakini una uhakika gani kwamba ni reli ileile? Kwetu waliiba ya kwanza wakaletewa nyingine.

---

FundiMajengo

Swali zuri sana hilo, BabaTumaini, na linajibika. Nyemo, nenda na simu, rekodi reli ikipigwa mahali palepale wanapoigonga siku zote. Kwenye Audacity chagua kipande cha kama sekunde moja baada ya pigo, sauti ikiwa imetulia, kisha `Analyze > Plot Spectrum`, kwenye Size weka 32768. Chuma hakitoi sauti moja, kitatoa vilele kadhaa. Andika viwili vilivyo virefu. Fanya hivyohivyo kwa kengele ya mwanzo wa kanda na ya mwisho.

Mwendo wa kanda ukibadilika, vilele vyote vinapanda kwa kiasi kimoja. Kwa hiyo ukigawanya kilele cha juu kwa cha chini, jibu lazima libaki lilelile. Reli nyingine, yenye urefu tofauti au umbo tofauti, ni vigumu itoe jibu hilohilo na vilele vyake vyote vikae mahali.

---

NyemoMvumi

Nimerudi. Nimeipiga mara tano mwenyewe, mzee wa kanisa akiwa amesimama pembeni ananishangaa mpaka nilipomsikilizisha kanda. Amekaa chini kwenye mzizi wa mti akasikiliza wimbo wote.

Reli leo: 620 na 1690. Kanda mwanzo: 628 na 1712. Kanda mwisho: 731 na 1993. Nikigawanya, zote tatu zinatoa 2.73.

---

FundiMajengo

Ni reli ileile, mwanangu.

Sasa hesabu. 628 kwa 620 ni 1.013. Mwanzo wa kanda unatoka haraka kidogo sana, asilimia 1.3, ambayo inaweza kuwa redio ile au deki yako, haidhuru. 731 kwa 620 ni 1.179. Kwa hiyo mwisho umepanda karibu nusu toni 3, na ndiyo maana besi wamekuwa kina mama. Ili kurudisha, mwanzo uende kwa asilimia 98.7 na mwisho kwa 84.8.

Fanya kwenye nakala. Ile WAV ya kwanza usiiguse kamwe, hata makelele yake yaache, kwa sababu ukiondoa mvumo leo utaondoa na pumzi na herufi nyepesi ambazo kesho utazihitaji. BabaTumaini, ndiyo maana sishauri MP3 kwa ile ya kutunza. Ya kutuma WhatsApp itengeneze baadaye:

```
ffmpeg -i nakala_A.wav -b:a 128k nakala_A.mp3
```

Kurekebisha mwendo tumia `Tracks > Add New > Time Track`. Kwenye menyu yake fungua Range uweke 80 hadi 120, maana yenyewe huja na 90 hadi 110 na haitoshi. Mpaka dakika ya 26 mstari ukae 98.7. Kuanzia hapo weka nukta mwanzo na mwisho wa kila wimbo. Wimbo wa mwisho unaishia 84.8 kwa kengele. Usitumie kipengele kinachobadilisha sauti peke yake bila mwendo, hapa vyote viwili vilibadilika pamoja na lazima virudi pamoja.

---

NyemoMvumi

Na nyimbo za katikati, ambazo hazina kengele?

---

FundiMajengo

Hapo sina kipimo cha uhakika. Tumia sauti ya mchungaji. Anasema maneno machache kabla ya kila wimbo, na mwanzo wa kanda unamjua anavyosikika kwa kweli. Rekebisha mpaka awe mtu yuleyule. Sikio litakufikisha karibu, haliwezi kukufikisha kwenye namba. Andika kwenye maelezo ya faili ni nyimbo zipi zimepimwa na zipi zimekadiriwa.

---

MwalimuWaKwaya_Kongwa

Kayamba pia. Mpigaji mzuri hakimbii. Hesabu mapigo kwa nusu dakika kwenye wimbo wa kwanza uone na mengine.

---

FundiMajengo

Mwalimu, hapo sikubaliani nawe. Wimbo wa mavuno na wimbo wa toba havina mwendo mmoja, hata mpigaji akiwa yuleyule.

---

MwalimuWaKwaya_Kongwa

Ndani ya wimbo mmoja basi, kati ya beti la kwanza na la mwisho. Kwaya nyingi huongeza mwendo mwishoni, lakini haziongezi kwa asilimia 10.

---

NyemoMvumi

Nimetumia vyote viwili, sauti ya mchungaji kati ya wimbo na wimbo, kayamba ndani ya wimbo.

Naandika hii usiku. Maneno yamefunguka. Sikujua kwamba mwendo peke yake ndio uliokuwa unayaficha. Nimewaita vijana wawili wa kwaya ya sasa, kila mmoja akaandika peke yake bila kuangalia kwa mwenzake, ndipo tukalinganisha. Kwenye wimbo wa kwanza kati ya zile tatu, mmoja aliandika "tukavuka kwa nyasi ungwe", mwingine "tukavuka kinyaa sungura". Bibi wa sikio moja tulimpa hedifoni upande wa sikio linalosikia. Hakungoja hata mstari uishe, akasema "Kinyasungwe", yaani mto. Kijana wa mjini hakuwahi kulisikia jina lake, na mimi mwenyewe nimeupita mara nyingi nikienda Mpwapwa bila kufikiria kwamba ungekuwa ndani ya wimbo.

---

Lulu_SautiYaPili

Nimesisimka. Unaandikaje ili ukirudi ujue mstari upo wapi? Mimi yangu yamekaa kwenye daftari, kutafuta mstari mmoja nacheza kanda nzima. (Kasponji nimekabandika, mzee wangu, sauti imerudi. Asante sana.)

---

NyemoMvumi

Kwenye Audacity nachagua mstari kuanzia mwanzo hadi mwisho wake, nabonyeza Ctrl+B, naandika maneno hapohapo. Mwishoni natoa lebo zote kama faili ya maandishi. Namba ni sekunde, mwanzo na mwisho:

```
1894.2	1901.7	b1: tukavuka Kinyasungwe kavu
1901.7	1909.0	b1: mwaka wa [njaa / jana] ...
```

Jina la faili ya sauti naliandika juu kabisa, kwa sababu sekunde za nakala iliyorekebishwa hazilingani na za ile ya awali. Neno lisilosikika siliweki la kukisia, naandika silabi nilizohesabu. Na ya Kigogo naandika kwa herufi c pale wanapotamka hivyo, kama ilivyo kwenye vitabu vya kanisa, vijana walikuwa wanachanganya c na ch ndani ya wimbo mmoja.

---

BabaTumaini

Hiyo njaa / jana ni nini?

---

NyemoMvumi

Ndiyo imebaki. Bibi anasema "mwaka wa njaa", kwamba walitunga baada ya ukame, mto ulikuwa mchanga mtupu. Mzee mmoja wa sauti ya tatu anasema ni "mwaka wa jana", kwa sababu kila mwaka waliimba mavuno ya mwaka uliopita. Beti la pili halisaidii, linakubali yote mawili.

---

FundiMajengo

Sikiliza n iko wapi. Njaa n iko mwanzo, jana iko katikati. Vuta kwa karibu, punguza mwendo nusu, sauti ya kwanza peke yake kama inajitokeza upande mmoja wa stereo.

---

NyemoMvumi

Nimejaribu. Redio ilikuwa na maikrofoni moja, kushoto na kulia ni kitu kilekile. Na sauti nne zinaingia kwa kupishana, sauti ya kwanza wakiwa "-a" besi ndio wanaanza neno. Nasikia n, siwezi kuapa ni ya nani.

Mmoja wa wale wanne aliimba besi na anaishi Kikombo. Mjukuu wake ameniambia wako nyumbani Jumamosi. Nakwenda na kompyuta na hedifoni, simwambii bibi alisema nini wala mzee wa sauti ya tatu alisema nini. Nitamchezea mstari, nimwombe aimbe sehemu yake.